Kuandika saa ya kikao ili wa nyumbani na wa ughaibuni wasiisome vibaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa katibu wa ukoo, wa kamati ya harusi, wa chama cha wahitimu au wa kikundi cha kuchangiana, ambaye watu wake wamesambaa Dar es Salaam, Mombasa, Bukavu, Maskati, Leicester na Minneapolis, na ambaye kila wiki anaandika tangazo la kikao cha mtandaoni. Mfano ni mmoja tangu juu hadi chini: kikao cha ukoo, Jumamosi tarehe 31 Oktoba 2026, saa mbili usiku kwa saa za Dar es Salaam. Tarehe hiyo nimeichagua kwa makusudi. Sababu utaiona mbele.

Nikiandika "saa 2 usiku" kuna ubaya gani? Kila Mswahili anajua ni saa ngapi.

Aliyekulia Tanga au Lamu anajua. Ila kundi lako lina pia kijana aliyezaliwa Toronto, anayeongea Kiswahili na mama yake lakini saa anaisoma kwenye simu. Kwake 2 ni 2, na usiku ni usiku, kwa hiyo anaelewa 02:00. Anaweza hata kuweka kengele imwamshe.

"Saa 8 usiku" ni mbaya zaidi. Kwa saa ya Kiswahili hiyo ni 02:00. Kwa anayehesabu kizungu ni 20:00. Usomaji wote wawili una mantiki, hakuna anayeshtuka, na kwa hiyo hakuna anayeuliza. "Saa 10 usiku" nayo ni hivyohivyo: mmoja anasoma 04:00, mwingine 22:00. Pengo daima ni saa sita, kwa sababu sisi tunaanza kuhesabu kwenye mapambazuko na machweo, wao wanaanza usiku wa manane na adhuhuri.

Makosa mengine hujifichua yenyewe. Ukikuta tangazo linasema "saa 8 asubuhi", ujue mwandishi anahesabu kizungu, maana kwa Kiswahili saa nane haiko asubuhi. Hapo unamuuliza na mambo yanaisha. Ya kuogopa ni yale ambayo kila msomaji anayaona sawa kwa namna yake.

Basi niandike vipi?

Fuata kanuni moja tu: tarakimu ziwe za saa 24, na saa ya Kiswahili iandikwe kwa maneno. Andika hivi:

20:00 (saa mbili usiku) kwa saa za Dar es Salaam

Usiandike "2:00 usiku", wala "saa 8:00 usiku", wala "8 PM (saa 2)". Tarakimu ikishapewa kazi moja katika tangazo lote, haiwezi tena kumaanisha vitu viwili. Bibi yako Pangani atayasoma maneno, mpwa wako Toronto atasoma tarakimu, na wote watafika wakati mmoja.

Watu wengi huuliza kama maneno yana haja, kwa kuwa 20:00 inajitosheleza. Kuanzia 13:00 hadi 23:59 ni kweli, maana hakuna saa ya Kiswahili inayoitwa kumi na tatu wala ishirini. Tatizo liko kati ya 01:00 na 12:59. Mwandikie mtu wa Dodoma "10:00" peke yake, huenda akaelewa saa kumi, akaja alasiri. Mwandikie "12:00", anaweza kuelewa saa kumi na mbili, tena asijue kama ni ya asubuhi au ya jioni. Kwa hiyo kikao cha mchana au asubuhi kinayahitaji maneno kuliko cha usiku: 10:00 (saa nne asubuhi), 12:00 (saa sita mchana).

Sifuri ya mbele nayo usiiache. "07:00" inaonekana mara moja kuwa ni saa 24, wakati "7:00" inamkaribisha msomaji akisie.

Kwa nini nitaje mji? Si inatosha kusema "saa za Afrika Mashariki"?

Kwa wa Tanzania, Kenya na Uganda inatosha, kwa sababu nchi hizo zote ziko saa tatu mbele ya UTC, saa ya kipimo ya dunia nzima. Lakini Rwanda na Burundi nazo ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na saa zao ziko mbili mbele ya UTC. Wa Kigali akisoma "saa za Afrika Mashariki" ana haki ya kujiuliza kama na yeye anahesabiwa humo.

Kongo imegawanyika. Kinshasa iko saa moja mbele ya UTC. Lubumbashi, Goma, Bukavu na Kisangani ziko saa mbili mbele. Ukiandika "saa za Kongo" hujaandika kitu. "Saa za Marekani" na "saa za Kanada" ni hivyohivyo, maana Toronto na Minneapolis zimeachana kwa saa moja, na Minneapolis na Seattle kwa saa mbili.

Ghuba nayo watu huidhani ni moja. Oman na Falme za Kiarabu ziko saa nne mbele ya UTC, yaani saa moja mbele yetu. Qatar, Saudia, Kuwait na Bahrain ziko sawa kabisa na Mombasa. Shangazi aliye Maskati na binamu aliye Doha hawasomi saa moja.

Jina la mji halina utata huu. Lina faida nyingine pia: mtu akitaka kuhakiki, anaandika jina hilo kwenye saa ya dunia ya simu yake na kupata jibu.

Je, herufi kama EAT, CAT, EST na GMT hazisaidii?

Zinachanganya kuliko zinavyosaidia. EAT ya Afrika Mashariki na EST ya Toronto zinatofautiana herufi moja, na kati yake kuna saa nane. CAT ni saa za Afrika ya Kati, wanazotumia Lubumbashi na Kigali. CET ni za Ulaya ya Kati wakati wa baridi. Anayesoma haraka kwenye daladala hataona tofauti. CST nayo kwa wa Minneapolis ni saa zake, na kwa ndugu aliyekwenda Guangzhou kufuata bidhaa ni saa za China.

Zaidi ya hapo, wanaozitumia mara nyingi huzikosea. Mtu wa Toronto huandika EST mwaka mzima, ilhali tangu Machi hadi mwanzo wa Novemba mji wake hauko kwenye EST bali EDT, saa moja mbele. Wa London huandika "18:00 GMT" mwezi Julai akimaanisha saa ya ukutani kwake, wakati London majira hayo iko saa moja mbele ya GMT. Ukimwamini neno kwa neno utachelewa saa nzima.

UTC peke yake ndiyo ninayoiweka, kwa sababu haisogei kamwe. Iandike mara moja, kando ya saa ya Dar, iwe kipimo kwa yeyote ambaye mji wake umesahauliwa kwenye orodha.

Sisi hatusogezi saa. Kwa nini kikao chetu kinawahamia wenzetu?

Kwa sababu wao wanasogeza, na hawasogezi siku moja. Hili ndilo linalovuruga vikao vya kila wiki, na ndiyo sababu ya kuichagua tarehe 31 Oktoba.

Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya huanza majira ya joto, kwa kusogeza saa moja mbele, Jumapili ya mwisho ya Machi na kuyamaliza Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Norwe iko nao. Sehemu kubwa ya Marekani na Kanada huanza Jumapili ya pili ya Machi na kumaliza Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa mwaka 2026, Ulaya inarudisha saa nyuma Jumapili tarehe 25 Oktoba, na Marekani Jumapili tarehe 1 Novemba. Katikati kuna wiki moja ambayo Ulaya imekwishabadili na Marekani bado.

Chukua Jumamosi tatu mfululizo. Kikao kiko palepale, 20:00 Dar es Salaam, yaani 17:00 UTC.

Tarehe 24 Oktoba: London 18:00, Minneapolis 12:00.
Tarehe 31 Oktoba: London 17:00, Minneapolis 12:00.
Tarehe 7 Novemba: London 17:00, Minneapolis 11:00.

Orodha ya tarehe 24 ukiinakili kwa ajili ya tarehe 31, wa Dar, Maskati na Minneapolis watafika vizuri, na wa London watakuja saa nzima baadaye, mkishapiga kura. Ukiinakili ya tarehe 31 kwa tarehe 7, sasa ni wa Minneapolis wanaochelewa. Dalili yenyewe ndiyo hiyo: upande mzima wa dunia unakosekana kwa pamoja, si mtu mmoja mmoja. Ukiona hivyo usitafute wavivu, tafuta saa iliyosogezwa.

Machi mambo hugeuka. Mwaka huohuo wa 2026 Marekani ilitangulia kusogeza saa mbele tarehe 8 Machi, Ulaya ikafuata tarehe 29, kwa hiyo pengo lilikuwa la wiki tatu. Zitie alama kwenye kalenda yako wiki hizo za Machi na ile ya mwisho wa Oktoba, na ndani yake usiliamini tangazo la zamani.

Kuna pia miji isiyobadili katikati ya nchi inayobadili. Phoenix, jimboni Arizona, haisogezi saa hata kidogo. Ndugu aliyeko huko ahesabiwe peke yake, asitiwe kapu moja na wa Denver.

Nahesabuje bila kukosea?

Pita kwenye UTC, usiruke kutoka mji hadi mji. Kwanza toa tatu kwenye saa ya Dar: 20 kutoa 3 ni 17. Kisha kwa kila mji ongeza au toa tofauti yake *ya tarehe hiyo*. Maskati ni kuongeza 4, inakuwa 21:00. Bukavu kuongeza 2, inakuwa 19:00. Toronto tarehe 31 Oktoba 2026 bado iko kwenye majira ya joto, kutoa 4, inakuwa 13:00. Seattle ni kutoa 7, inakuwa 10:00.

Ukimaliza, hakiki kwa saa ya dunia au kibadili saa kinachokuruhusu kuweka tarehe. Usihakiki kwa kuangalia tu Toronto ni saa ngapi sasa hivi. Jibu la leo ni la leo, na kikao ni cha wiki tatu zijazo.

Mwenye kompyuta ya Linux anaweza kuiuliza hivi:

```
TZ=America/Chicago date -d '2026-10-31 20:00 +0300'
```

Minneapolis inafuata saa za Chicago, ndiyo maana jina hilo linatumika. Jibu litakuwa 12:00.

Nionyesheni tangazo lililokamilika.

Hili hapa:

> Ndugu zangu, asalaam aleikum na salamu kwa wote.
>
> KIKAO CHA UKOO
> Jumamosi, 31 Oktoba 2026
> 20:00 (saa mbili usiku) kwa saa za Dar es Salaam, sawa na 17:00 UTC.
> Tutamaliza 21:30 kwa saa za Dar es Salaam.
>
> Kuanza kwa miji mingine, Jumamosi hiyohiyo:
> Mombasa, Kampala, Doha: 20:00 (saa mbili usiku)
> Maskati, Dubai: 21:00 (saa tatu usiku)
> Bukavu, Lubumbashi, Kigali: 19:00 (saa moja usiku)
> Oslo, Berlin: 18:00 (saa kumi na mbili jioni)
> London, Leicester: 17:00 (saa kumi na moja jioni)
> Toronto: 13:00 (saa saba mchana)
> Minneapolis: 12:00 (saa sita mchana)
> Seattle: 10:00 (saa nne asubuhi)
>
> Guangzhou: Jumapili, 1 Novemba, 01:00 (saa saba usiku, Jumamosi ikiwa imekwisha)
>
> Wa London na Ulaya: saa zenu zimerudishwa nyuma tarehe 25 Oktoba. Kwenye saa zenu, kikao hiki kinaanza saa moja mapema kuliko cha wiki iliyopita.

Jina la siku na tarehe vimekaa pamoja kwa makusudi. Kimojawapo kikikosewa havitalingana, na mtu atauliza. Mwezi nao umeandikwa kwa jina. Ungeandika "10/11/2026", wa Nairobi angesoma tarehe 10 Novemba, wa Minneapolis tarehe 11 Oktoba.

Orodha ifupishe kwa miji yenye watu wako tu. Orodha ya miji thelathini haisomwi.

Usiku wa Jumapili ni usiku upi?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Kwa hesabu ya zamani ya pwani, na ya Kiislamu, siku huanza jua linapozama. Usiku wa Ijumaa, kwa mzee wa Zanzibar, ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kalenda ya ukutani inauita Alhamisi jioni. Kwa mjukuu wake aliyeko Oslo, usiku wa Ijumaa ni Ijumaa yenyewe baada ya chakula cha jioni. Hapo wamepishana kwa siku nzima, na hakuna kati yao aliyekosea.

Magazeti hujinusuru kwa kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa", na ni msemo mzuri. Kwenye tangazo la kikao lakini tarehe ndiyo iongoze: "Alhamisi, 29 Oktoba 2026, 21:00 (saa tatu usiku)". Usianze na usiku, anza na tarehe.

Saa sita ya usiku kamili iepuke kabisa. "Mwisho wa michango ni saa sita usiku Jumamosi" inaweza kuwa mwanzo wa Jumamosi au mwisho wake. Weka 23:59 ya Jumamosi, kwa saa za Dar es Salaam, na mjadala umekwisha.

"Leo" na "kesho" nazo ni tatizo?

Ndiyo. Ujumbe wa kundi husomwa anapoamka msomaji, na mara nyingi hupelekwa kwenye makundi mengine. "Kikao ni kesho saa mbili" ukifika Seattle, huenda huko bado ni jana yako. Ukipelekwa mbele kesho yake, umekuwa uongo kabisa. Kumbusho nalo libebe siku, tarehe, saa na mji, hata kama umeshaviandika mara tano. Vivyo hivyo kwa bango la picha lenye maua na majina ya maharusi: saa iliyomo si rahisi kunakiliwa wala kubonyezwa, kwa hiyo chini ya picha rudia kwa maandishi.

Si rahisi zaidi kutuma mwaliko wa kalenda, simu ifanye hesabu yenyewe?

Utume, ni msaada mkubwa. Kalenda humwonyesha kila mtu saa ya kwake. Angalia mambo mawili tu.

La kwanza, nani ameufungua mwaliko. Tuseme kijana wa Minneapolis ndiye mwenye kalenda, na anaweka kikao kijirudie kila Jumamosi 12:00 kwake. Oktoba yote kitaonekana sawa, 20:00 Dar es Salaam. Tarehe 7 Novemba kalenda italinda 12:00 ya Minneapolis, na Dar es Salaam itahamia 21:00. Wazee wa nyumbani wataona kikao kimesogezwa bila kuulizwa. Kwa hiyo kwenye kisanduku cha saa za eneo achague Dar es Salaam au Nairobi, popote alipo. Ukifungua faili ya mwaliko, mstari uliokaa sawa unasomeka hivi:

```
DTSTART;TZID=Africa/Dar_es_Salaam:20261031T200000
```

Ukiona `America/Chicago` mahali hapo, umeshajua Novemba itakuwaje.

La pili, maandishi ndani ya mwaliko. Watu huandika "saa 2 usiku" kwenye kichwa cha tukio, na kalenda ya wa Maskati inaonyesha 21:00 pembeni yake. Kipi kifuatwe? Kichwa kiwe na jina la kikao tu, saa iachie kalenda.

Nao wasiotumia kalenda wapo, tena wengi ni wakubwa zetu. Tangazo la maandishi halibadilishwi na mwaliko, viende pamoja.

Nitajuaje kwamba wameelewa kabla siku haijafika?

Usiulize "mmeelewa?" Wote watajibu ndiyo. Mwombe mmoja kutoka kila mji ajibu kwa saa ya ukutani kwake na siku yake. Mfano:

"Shikamoo shangazi. Jumamosi kwako Maskati tutaanza saa ngapi?"
"Marahaba mwanangu. Saa tatu usiku, nikishaswali Isha."

Jibu hilo ni bora kuliko alama ya dole gumba, kwa sababu shangazi ameifunga saa na jambo la maisha yake. Angejibu "saa mbili usiku, kama ulivyosema", ungejua kwamba amesoma mstari wa Dar na hakufika kwenye wake. Mtu mmoja kwa kila mji anatosha, maana wa mji mmoja hukosea kwa pamoja.

Kikao kikiahirishwa kwa saa moja, naandikaje?

Usiandike "tusogeze mbele saa moja". Kuna watakaoelewa kianze baadaye, na kuna watakaoelewa kianze mapema. Usiandike pia "saa tatu badala ya saa mbili", kwa sababu wa Maskati tayari alikuwa na saa tatu yake, atadhani umemthibitishia.

Andika tangazo upya lote, na orodha yote ihesabiwe upya. Juu yake weka mstari mmoja unaolitaja la zamani kwa saa ya mji uleule:

> MABADILIKO. Kikao cha Jumamosi, 31 Oktoba 2026 hakitaanza 20:00. Kitaanza 21:00 (saa tatu usiku) kwa saa za Dar es Salaam, sawa na 18:00 UTC. Tangazo la awali limefutwa, tafadhali mlioko kwenye makundi mengine mpeleke hili.

Kisha lifute lile la zamani kwenye kundi kama simu bado inakuruhusu, na uurekebishe mwaliko uleule wa kalenda badala ya kufungua wa pili. Miwili ikibaki, nusu ya watu watafuata wa kwanza.